Dakika 15 za kusoma karatasi si zawadi, ni sehemu ya mtihani

Hebu nikuulize, wewe uliye Kidato cha Tatu au cha Nne: ukiambiwa una dakika 15 za kusoma karatasi ya mtihani kabla ya kugusa kitu, wewe huzifanyia nini? Wengi wetu tulikuwa tukizitumia kuangalia dirishani, kunoa penseli na kumkodolea macho jirani tuone kama naye ameingiwa na baridi. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Nilizipoteza kabisa, na nilizipoteza kwa sababu niliambiwa ni za bure.

Ilikuwa karatasi ya Kemia ya vitendo, mtihani wa majaribio, ule tuliouita moki. Mwalimu aliyesimamia maabara alituambia, "Anzeni kazi, hizo dakika 15 ni za watu wasiojiandaa." Nani angebisha? Tukaanza. Niliosha bureti kwa myeyusho P mara tatu, nikaujaza, nikapima, nikarudia. Matokeo hayakukaribiana, nikarudia tena, na tena. Nilipofika swali la pili nikasoma mstari wa kwanza, na jasho likanitoka: "Tumia myeyusho P uliobaki kutoka swali la kwanza." Kwenye bika yangu palikuwa pamebaki matone. Nikainua mkono kuomba nyongeza. Msimamizi akatikisa kichwa. Kumbe ile sentensi ndiyo niliyopaswa kuisoma kabla sijagusa bureti.

Swali hilo zima liliniponyoka, na sikuwa peke yangu. Tangu siku hiyo sijaacha kuuliza saa ya mtihani hutengenezwaje, na kwa nini shule nyingi huikatakata kama nyama ya sherehe. Nataka leo tuijadili, kwa sababu naamini wanafunzi wengi wanaoitwa wazembe wameangushwa na hesabu mbaya ya muda, si na masomo.

Anza na karatasi yenyewe. Chukua karatasi ya tatu ya Kemia ya KCSE, ile ya vitendo. Muda wake ni saa 2¼, na alama ni 40. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna agizo kwamba hauruhusiwi kuanza kutumia vifaa katika dakika 15 za kwanza za hizo saa 2¼. Muda huo ni wa kusoma karatasi na kuhakikisha una kemikali na vifaa vyote utakavyohitaji. Soma hapo polepole: dakika hizo ziko ndani ya saa 2¼, si juu yake. Saa 2¼ ni dakika 135. Toa 15, unabaki na 120 za kazi. Gawanya kwa alama 40, unapata dakika tatu kwa kila alama.

Sasa chukua karatasi ya kwanza ya Kemia hiyo hiyo, ile ya nadharia. Saa mbili, alama 80. Ukigawanya dakika 120 kwa 80 unapata dakika moja na nusu kwa alama. Somo ni lile lile, baraza la mitihani ni lile lile, ila alama moja ya vitendo imepewa muda mara mbili ya alama moja ya nadharia. Ni kwa nini?

Ni kwa sababu kwenye maabara kuna kazi ambayo haiwezi kuharakishwa na akili wala kwa bidii. Ukiambiwa usome kipimajoto kila baada ya nusu dakika kwa dakika sita, basi ni dakika sita. Uwe wa kwanza darasani au wa mwisho, saa haikuhurumii. Myeyusho ukihitaji kupoa, utapoa kwa kasi yake. Pipeti ikijazwa haraka, huingia kipovu cha hewa na kipimo kinaharibika, kwa hivyo ukiharakisha utarudia, na kurudia ni muda pia. Anayepanga muda wa karatasi kama hii hawezi kuhesabu alama tu. Lazima ahesabu mikono.

Hebu tupange moja hapa, ya kubuni, ili uone. Swali la kwanza lina alama 16: kupima asidi dhidi ya besi kwa bureti. Kuosha na kupanga vifaa, dakika 8. Kupima mara tatu, dakika 6 kila mara, jumla 18. Kujaza jedwali na kufanya hesabu, dakika 19. Hapo ni 45. Swali la pili lina alama 12: kuyeyusha chumvi na kufuatilia joto. Kuandaa, dakika 5. Kusoma kipimajoto, dakika 6. Kuchora grafu, dakika 12. Hesabu, dakika 9. Hapo ni 32. Swali la tatu, alama 12: majaribio sita madogo ya kutambua kilicho ndani ya unga fulani. Dakika 4 kila jaribio ni 24, na 9 za kuandika ulichokiona na unachokikisia. Hapo ni 33.

Jumlisha 45, 32 na 33. Unapata 110. Ongeza dakika 10 za kupitia kazi, unafika 120. Ongeza 15 za kusoma, unafika 135. Hizo ndizo saa 2¼. Angalia vizuri: hakuna dakika hata moja iliyokaa bure. Ukiondoa zile 15 ukasema karatasi ni ya saa mbili, hujaondoa anasa. Umemwambia mwanafunzi asome karatasi kwa muda wa kupima, na apime kwa muda wa kuchora grafu. Au afanye nilivyofanya mimi: asisome.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi zenyewe zinakufundisha. Fizikia ya vitendo ni saa 2½, Biolojia ya vitendo ni saa 1¾, na Kemia tumeona ni saa 2¼. Urefu unatofautiana kwa dakika 45 kati ya ndefu na fupi. Lakini muda wa kusoma ni ule ule katika zote tatu: dakika 15. Kwa nini ya Biolojia haikukatwa ikawa kumi? Kwa sababu kusoma hakupungui kwa kiasi kile kile ambacho kazi inapungua. Lazima ugeuze kurasa zote, uangalie vilivyo mezani, uhesabu, ulinganishe na orodha. Hiyo ni kazi ya namna moja iwe mtihani ni mrefu au mfupi.

Hapa ndipo shule zetu hukosea. Mwalimu ana vipindi viwili tu vya maabara, dakika 80. Anachukua karatasi ya zamani, anaondoa swali moja, anasema, "Kazi pungufu, muda pungufu." Kazi imepungua kweli, lakini kusoma hakukupungua kwa kiasi hicho. Kwa hivyo kinachotolewa kafara ni kusoma, na mwanafunzi anafundishwa kwa muhula mzima kwamba karatasi ya vitendo huanza kwa kushika bureti. Akifika kwenye mtihani wa kitaifa, anapewa dakika 15 ambazo hajawahi kuzitumia maishani. Si ajabu anaangalia dirishani.

Sasa tutoke maabara twende kwenye Hisabati, kwa sababu huko hakuna dakika 15 zilizoandikwa, na wengi hudhani basi hakuna muda wa kusoma. Karatasi ya kwanza ya Hisabati ya KCSE ina saa 2½ na alama 100. Imegawanywa sehemu mbili. Sehemu ya Kwanza ina maswali 16, yote ni ya lazima, alama 50. Sehemu ya Pili ina maswali manane ya alama kumi kila moja, nawe unachagua matano tu, alama 50.

Usifikirie mgawanyo huu ni mapambo. Kila sehemu ina kazi yake. Maswali 16 mafupi yanapita juu ya mada nyingi za silabasi, hakuna pa kujificha. Ukiwa uliruka mada fulani ukisema haitakuja, Sehemu ya Kwanza ndiyo itakayokuumbua, lakini itakuumbua kwa alama chache tu. Sehemu ya Pili inataka kitu kingine: uchukue tatizo moja refu, ulifuate kutoka (a) hadi mwisho bila kupotea njia. Kwa sababu tatizo refu likikushinda unapoteza alama nyingi kwa mpigo, ndiyo maana umepewa uhuru wa kuchagua. Na ili uchaguzi uwe wa haki, maswali yote manane yamepewa alama sawa. Ungeyachanganya maswali yote 24 bila sehemu, mwenye bahati mbaya angekwama kwenye tatizo la alama kumi mapema, akakosa kufika kwenye yale mafupi anayoyajua.

Lakini uhuru wa kuchagua una bei, na bei yake ni muda. Ili uchague matano kati ya manane lazima usome manane. Hayo matatu unayoyaacha hayakupi alama hata moja, ila yamekula dakika zako. Tufanye hesabu. Saa 2½ ni dakika 150. Kwa alama 100, ni dakika moja na nusu kwa alama, na maswali ya Sehemu ya Pili yanapata dakika 15 kila moja. Hivyo ndivyo wengi hufundishwa. Sasa toa dakika 5 za kusoma na kuchagua, na dakika 10 za kukagua mwishoni. Zimebaki 135. Kila sehemu inapata kama dakika 67, na kila swali la Sehemu ya Pili linapata dakika 13 na nusu, si 15.

Dakika moja na nusu kwa swali, utasema, ni nini bana? Zidisha kwa maswali matano. Ni dakika saba na nusu, zaidi ya nusu ya swali zima la alama kumi. Ndiyo sababu wengi hufika swali la tano, wanaandika (a), wanaanza (b), halafu wanasikia, "Wekeni kalamu chini." Hawakushindwa na Hisabati. Walipanga kwa dakika 15 ambazo hazikuwepo.

Jinsi ya kutambua mapema kwamba umeingia mtego huu ni rahisi. Mtihani wa Hisabati ukifika dakika ya 75, nusu kamili, angalia uko swali la ngapi. Ukiwa bado unahangaika na la kumi na moja katika Sehemu ya Kwanza, umekopa muda kutoka Sehemu ya Pili, na deni hilo hulipwa kwa alama kumi kumi. Wacha swali lililokushika, weka alama pembeni, nenda mbele. Swali la alama tatu lina haki ya dakika nne hivi. Likila dakika ishirini, hata ukilipata, umepata hasara.

Nirudi kwa walimu, kwa sababu hapa ndipo nina kesi. Mtihani wa darasani huwekwa ndani ya kipindi kimoja, dakika 40. Mara ngapi umepewa karatasi ya alama 30 kwa kipindi hicho? Kwa kipimo cha dakika moja na nusu, alama 30 zinataka dakika 45. Yaani kabla hujaandika jina lako tayari una upungufu wa dakika tano. Na hiyo ni kama karatasi ziko mezani kengele inapolia. Kwa kawaida mwalimu anaingia, anapanga viti, anagawa karatasi, dakika 4 zimekwenda. Ukisoma kwa dakika 2 na kukagua kwa dakika 4, zimebaki 30. Gawanya kwa moja na nusu: 20. Mtihani wa haki wa kipindi kimoja ni wa alama 20. Ule wa 30 ulipangwa kwa kengele, haukupangwa kwa kazi.

Najua jibu nitakalopewa. Mwalimu mmoja aliwahi kunieleza bila kupepesa macho, "Kasi pia ni sehemu ya mtihani. Anayejua, anajua haraka." Nimeliwaza sana jambo hilo, na nakubali nusu yake. Ni kweli kwamba aliyefanya mazoezi huenda haraka, na mtihani usio na kikomo haungemtofautisha anayekumbuka hatua na anayezitafuta gizani. Muda mrefu kupita kiasi nao una ubaya wake: waliomaliza wanaanza kunong'ona, na waliochoka wanaanza kufuta majibu sahihi. Lakini kama unataka kupima kasi, sema unapima kasi. Ukiwaita wanafunzi wajinga wa mada ya vekta kwa sababu swali la vekta lilikuwa la mwisho na hawakulifikia, umepima saa ya ukutani, umeandika jina la vekta.

Na kuna njia ya wazi ya kujua ni kipi kimetokea. Mwalimu akishasahihisha, aangalie maswali ya mwisho ya darasa zima. Kama yameachwa wazi, hata na wale wanaoongoza, basi muda ulikuwa mbaya. Kama yamejibiwa lakini vibaya, basi ni mada haijaeleweka. Jibu lililokosewa linaonyesha mtu aliyefika akashindwa. Nafasi tupu kwa darasa zima inaonyesha hakuna aliyefika. Tiba ya la kwanza ni kufundisha upya. Tiba ya la pili ni kupunguza maswali. Ukiyachanganya, utawafundisha tena watoto kitu wanachokijua na kuwaadhibu kwa kosa lako.

Mimi naona mwalimu anayetunga karatasi anapaswa kukaa chini aifanye mwenyewe, kwa kalamu, huku saa iko mezani. Si kuiangalia kwa macho, kuifanya. Kuna walimu ambao hufanya hivyo na kisha huzidisha muda wao mara tatu, kwa kuwa mwanafunzi anafikiria pale ambapo mwalimu anakumbuka. Kama ameimaliza kwa dakika 20, karatasi ni ya saa moja. Halafu aongeze muda wa kusubiri kama kuna jaribio la maabara, bila kuuzidisha, kwa sababu myeyusho hupoa kwa kasi moja kwa mwalimu na kwa mwanafunzi. Aongeze muda wa kusoma, uliopimwa kwa idadi ya kurasa na idadi ya maswali ya kuchagua. Mwisho aongeze wa kukagua. Jumla ndiyo iandikwe juu ya karatasi. Kama jumla imezidi kipindi, ondoa swali. Usiondoe kusoma.

Nawe unayesoma hapa, usingoje walimu wabadilike. Dakika 15 za maabara zina kazi nne. Soma maswali yote hadi ukurasa wa mwisho. Chora duara kwenye kila myeyusho unaotajwa katika zaidi ya swali moja, ndipo ujue utaugawa vipi. Linganisha orodha ya vifaa na vilivyo mezani, ukikosa kimoja inua mkono sasa, si dakika ya 50. Kisha tafuta mahali palipo na kusubiri, kwa mfano kitu kinachotakiwa kukaa dakika kumi, uamue utakuwa unafanya nini wakati huo. Hutapata alama kwa lolote kati ya hayo, ila alama za maswali mengine zinategemea hayo.

Na siku mwalimu atakaposema "anzeni, hizo ni za bure", mwonyeshe kwa heshima agizo lililoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Akikataa, usigombane naye. Weka mikono yako mapajani, soma. Wenzako watakuwa wanaosha bureti kwa myeyusho P. Wewe utakuwa umejua kwamba P inahitajika tena ukurasa wa nne.